Nilivyoandika muhtasari wa sivii ya tenda, na ile miezi minne iliyokaribia kuniangusha

Mimi ni injinia wa barabara na kwenye tenda huwa nawekwa kama injinia mkuu wa saiti, yaani mmoja wa wale wataalamu muhimu ambao wakikosa pointi kampuni nzima inaweza kuondolewa kabla hata bei haijafunguliwa. Kuna tenda moja tuliikosa kwa sababu yangu. Sivii yangu ilikuwa na kurasa saba, miradi yote niliyowahi kugusa imo, na bado majibu yakaja kwamba uzoefu kwenye kazi zinazofanana haujathibitishwa. Iliniuma sana kwa sababu uzoefu ninao, ila nilimwachia mtu wa kamati ya tathmini kazi ya kuutafuta, na yeye ana marundo ya zabuni mezani, hatafuti, anatiki kilichoandikwa.

Tenda iliyofuata nikaanza upande wa pili. Nikachukua sharti lenyewe nikalikata vipande. Walitaka miaka 10 ya uzoefu kwa jumla, miaka 5 akiwa injinia mkuu wa saiti kwenye barabara za lami, na angalau mradi mmoja uliokamilika wenye daraja la zege la mita 20 au zaidi. Ukisoma harakaharaka unaona mambo matatu, kumbe kile kipande cha kati kina mawili ndani yake: cheo, na aina ya kazi. Mradi wa changarawe hauingii hata kama ulikuwa mkuu, na mradi wa lami ulioufanya ukiwa msaidizi nao hauingii. Hapo ndipo miradi yangu mingi ilikatika, ikabaki mitatu.

Nikachora jedwali fupi la ukurasa mmoja, likae mbele ya sivii yenyewe. Kushoto sharti kwa maneno yaleyale ya tenda, sikubadilisha hata neno, katikati mradi wangu na cheo na tarehe, kulia ukurasa wa kiambatisho ambapo ushahidi upo. Hilo la maneno yaleyale usilidharau, mimi kwenye mikataba ya zamani cheo changu kiliandikwa "msimamizi wa ujenzi", sasa tenda inasema injinia mkuu wa saiti, msomaji hawezi kujua ni kitu kimoja. Sikubadilisha cheo, maana barua ya mteja ingenisuta, nikaandika kilekile cha kwenye mkataba afu mstari mmoja chini yake kueleza nilikuwa nasimamia nini: wahandisi wangapi chini yangu, nani alisaini vipimo vya kila mwezi, nani aliidhinisha tabaka la msingi kabla lami haijamwagwa.

Sasa ikaja hesabu ya miezi. Mradi wa kwanza Januari 2015 hadi Juni 2017, miezi 30. Wa pili Machi 2017 hadi Agosti 2019, miezi 30 tena. Nikafurahi, 60, ndio miaka 5 kamili. Nikamwonyesha dada mmoja anayeshughulika na zabuni ofisini, akaangalia kidogo akaniambia, "Kaka, hapa kuanzia Machi mpaka Juni 2017 ulikuwa saiti mbili?" Kweli, mradi wa kwanza ulikuwa unamalizia alama za barabarani na mifereji huku wa pili nikiwa nimeshaanza. Miezi minne imehesabiwa mara mbili, na mtathmini makini anahesabu kalenda, hajumlishi miradi. Nina 56, sina 60. Bila kushtuliwa ningeanguka tena kwa miezi minne tu.

Kilichoniokoa ni mradi wa tatu ambao nilitaka kuuacha kwa sababu niliuona mdogo, barabara ya mjini ya kilometa 9, Oktoba 2019 hadi Agosti 2020. Ni lami, nilikuwa mkuu, miezi 11. Jumla 67. Nikaandika wazi kabisa chini ya jedwali kwamba miezi minne iliyoingiliana imehesabiwa mara moja, ili anayekagua asidhani nimeificha.

Daraja nalo lilikuwa kwenye mradi wa pili, mita 24. Kwenye sivii ya zamani nilikuwa nimeandika "barabara pamoja na kazi zote za madaraja na kalvati", hakuna urefu, hakuna aina. Safari hii nikaweka zege, mita 24, limekamilika, na cheti cha kukamilisha kazi nikakibandika alama pale urefu ulipotajwa.

Mwisho nikakaa na fomu ya sivii, jedwali, na barua za wateja vyote vimefunguliwa, nikalinganisha tarehe moja moja. Barua moja ilisema mradi wa tatu uliisha Julai. Nikarekebisha pote, 11 ikawa 10, jumla ikawa 66, bado inatosha, ndipo nikasaini.