Gurudumu lilikuwa kushoto

Jana mtoto wa dada kanitumia tangazo la cherehani, anauliza kama bei ni nzuri. Bei sikuitazama kwanza. Nilivuta picha nikaanza kutafuta soketi ukutani, mazoea yaliyonibaki tangu ile Juki ya mwaka 2023.

Wakati ule dada alikuwa amepata oda ya sare za shule, na cherehani yake ya kukanyaga isingeimaliza kwa wakati. Aliitaka Juki DDL-8700, ile ya kiwandani ya sindano moja. Mafundi wanaipenda kwa kuwa inahimili kazi ya kutwa, na kwa sababu hiyohiyo inaigwa sana. Akaiona Instagram kwa karibu nusu ya bei ya dukani: picha mbili zinang'aa, ya tatu ina giza, na muuzaji anataka atumiwe kianzio.

Katika picha ya kwanza, nyuma ya meza, niliona soketi ya duara yenye matundu mawili. Za kwetu ni za matundu matatu ya bapa.

"Dada, hii haijapigwa Dar."

"Labda nyumba ya Mchina," akanijibu.

Nikapiga skrinshoti, nikakata namba ya simu na yale maandishi mekundu, nikabakiza mashine na kipande cha ukuta. Maandishi yakibaki, utafutaji huyafuata hayo badala ya picha. Google Lens ikaniletea Juki nyingi za kila namna, kwa sababu kazi yake kubwa ni kutambua kilichomo kwenye picha na kukuonyesha vinavyofanana nacho. Nikabonyeza `Find image source`, nikakosa. Nikahamia TinEye, ambayo inalinganisha picha yenyewe. Nikapanga majibu kwa `Oldest`. Likaja moja: tangazo la mtumba la Poland, limeonekana mara ya kwanza 2019. Tarehe hiyo ni ya siku TinEye ilipoikuta picha mtandaoni, kwa hiyo picha yenyewe haiwezi kuwa changa kuliko hapo.

Tukaziweka simu mbili pamoja mezani. Dada hakuangalia umbo la mashine, maana zote za modeli ile zinafanana. Aliangalia uzi. Ulikuwa umening'inia kutoka kwenye sindano na kujikunja mara moja juu ya bamba, kwenye simu zote mbili, mkunjo uleule. Rangi imebanduka pembeni mwa meza, palepale. Ya Poland ilikuwa pana zaidi, inaonyesha hadi dirisha. Ya huku ilikuwa imekatwa.

Picha ya pili ilitushinda. Haikuleta kitu popote, nami nilikuwa naanza kuamini kwamba labda hiyo ni yake kweli. Dada akaishika simu, akanyamaza, halafu akanyoosha mkono wa kulia hewani kama anayetaka kuzungusha gurudumu.

"Mbona gurudumu liko kushoto?"

Tulikuwa tunaitazama mashine kwa mbele, upande anaokaa fundi. Gurudumu la mkono hukaa kulia na sindano kushoto. Hapa vilikuwa vimebadilishana, na pale jina linapokaa pamekatwa ili herufi zisisomeke kinyume. Picha ilikuwa imegeuzwa kama kwenye kioo, na kugeuza hivyo mara nyingi kunatosha kuupotosha utafutaji. Nikaigeuza irudi sawa kwa kihariri cha picha cha simu, nikatafuta tena. Zikamiminika: picha ya katalogi, iko kwenye maduka ya nchi kadhaa. Miaka yangu yote ya kukaa kwenye kompyuta isingeliona lile gurudumu. Mkono wa fundi uliliona.

Ya tatu, ile yenye giza, haikupatikana kokote, hata baada ya kuigeuza. Tukamwambia muuzaji hatutumi kianzio, tunakuja kuiona. Akakubali, akatuelekeza Kariakoo. Na mashine ilikuwepo, ndiyo ileile ya picha yenye giza. Jina la JUKI lilikuwa stika iliyoanza kunyanyuka pembeni, na kibati cha modeli hakikuwa na namba ya mashine. Dada aliipitishia kitambaa mara moja, akaangalia mshono kwa chini, kisha akamrudishia muuzaji mashine yake.

Yule kijana hakukasirika. Alituambia zile mbili ni picha za mfano tu, kila mtu pale anafanya hivyo. Kuhusu hilo hakudanganya. Nawafahamu wauzaji wanaoweka picha za katalogi halafu wanakukabidhi mali halisi. Picha ya kuazima peke yake haikwambii kilichoko dukani. Ila aliyeikata sehemu ya jina na kuigeuza, huyo alijua kuna watu watatafuta, na mpaka leo sijui kama ni yeye au aliyemuuzia yeye.

Mtoto wa dada nimemwambia amwombe muuzaji picha mpya ya upande wa chini wa mashine, ikiwa imelazwa, na karatasi yenye jina lake pembeni. Bado anasubiri jibu.