Mkono wa dirishani ulivyoungua nikiwa kwenye doksisaiklini

Siku ya nne ya doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 100 asubuhi na jioni, mkono wangu mmoja uliwaka kama umemwagiwa maji ya moto. Nikadhani ni mzio. Lakini nilipovua saa, ngozi chini ya mkanda ilikuwa nzima kabisa, na muunguo uliishia pale pale shati lilipoanzia. Upele wa mzio kwa kawaida haujali mipaka ya nguo.

Ajabu ni kwamba sikuwa nimetembea juani. Nilikuwa naendesha gari, vioo vimefungwa. Daktari akanieleza kuwa dawa hii huifanya ngozi iungue kirahisi kwa jua, na huamshwa hasa na miale ya jua iitwayo UVA, ambayo hupenya kioo cha dirishani.

Sikukatisha dozi kiholela. Yeye ndiye aliyeniruhusu kuimaliza. Nilipoza ngozi kwa kitambaa chenye maji baridi, nikavaa mikono mirefu hata ndani ya gari, na viganjani nikapaka losheni ya kukinga jua, SPF 30 inayozuia UVA pia, nikirudia kila saa mbili. Niliendelea hivyo siku chache baada ya kidonge cha mwisho. Ngozi ilibanduka kidogo, ikapona. Ingetoka malengelenge, au vidonda mdomoni, ningerudi hospitali siku hiyo hiyo.