Sawa, mwalimu

Leo ni Jumanne na bado naisikia ile "sawa, mwalimu" yake. Tulimzika shemeji Jumamosi huko Ugenya, shuleni ratiba yote imepanguliwa, na katikati ya hayo kichwa changu kimemshika kijana mmoja wa kidato cha nne anayekaa karibu na dirisha.

Mnajua lile swali langu la ziada la kila Ijumaa. Safari hii lilikuwa hivi: mama ana peremende 7 na watoto 4, anaweza kuzigawa kwa njia ngapi, hata kama kuna atakayekosa? Nikalijibu mwenyewe ubaoni kwa haraka. Peremende ya kwanza inaweza kwenda kwa yeyote kati ya wanne, ya pili vivyo hivyo, mpaka ya saba. 4⁷ = 16384.

"Mwalimu, na kama peremende zote zinafanana?"

"Hiyo haibadilishi kitu. Kaa."

"Sawa, mwalimu."

Hakununa. Alikaa, akachukua kifutio, akafuta kitu daftarini.

Jumapili usiku, tulipofika Kisumu, usingizi ulinikataa. Nikajaribu swali dogo kabisa: peremende 2, watoto 2. Kwa njia yangu jibu ni 4. Lakini ukizitazama mikononi mwa watoto, ni njia 3 tu: wa kwanza achukue zote, wa pili achukue zote, au kila mmoja apate moja. Hiyo ya kila mmoja kupata moja nilikuwa nimeihesabu mara mbili, kana kwamba kuna peremende A na peremende B.

Basi nikasema nitarekebisha kwa kugawanya. Peremende 7 hupangwa kwa namna 5040, kwa hiyo 16384 ÷ 5040. Ikatoka 3 na desimali. Njia za kugawa haziwezi kuwa na desimali! Kosa ni kwamba si kila mgao ulirudiwa sawasawa. Ule wa mtoto mmoja kuchukua zote saba nilikuwa nimeuhesabu mara 1 tu. Ule wa 2, 2, 2, 1, mara 630. Hakuna namba moja ya kugawanyia inayoweza kunyoosha hapo.

Nikaenda jikoni nikachukua kiberiti. Nikapanga peremende saba mstari mmoja mezani, nikaweka njiti tatu katikati yake. Zilizo kabla ya njiti ya kwanza ni za kifungua mimba, zinazofuata mpaka njiti ya pili ni za wa pili, na kuendelea. Zilizobaki baada ya njiti ya tatu ni za kitinda mimba. Njiti mbili zikigusana, au njiti ikikaa mwanzoni au mwishoni kabisa mwa mstari, kuna mtoto amekosa. Kila mgao una mpango wake mmoja tu, na kila mpango una mgao wake. Kwa hiyo kazi yote ni kuchagua, katika nafasi 10, ni zipi 3 zikae njiti: 10 × 9 × 8 ÷ 6 = 120.

Mia moja na ishirini. Nilisimama pale jikoni nikiziangalia zile njiti.

Mwaka 1914 wanafizikia Paul Ehrenfest na Heike Kamerlingh Onnes walitumia mpango wa namna hii hii kueleza hesabu ya mwanafizikia mwenzao Max Planck ya kugawa vijipande vya nishati visivyotofautishwa. Swali lililowashughulisha wao ndilo nililolikalisha chini Ijumaa.

Leo asubuhi nimemwita mbele ya darasa, nikampa kiberiti changu. Amepanga bila kuuliza. Kisha nikamwambia, kila mtoto lazima apate angalau moja. Akanyamaza kidogo, akampa kila mtoto moja, zikabaki 3, akapanga upya na njiti zake tatu: nafasi 6, chagua 3, njia 20.

"Ijumaa ulifuta nini?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nimejaribu mbili kwa wawili, mwalimu. Nikapata 3, nikajua nimekosea."

"Hukukosea. Mimi ndiye niliyekosea."

Akacheka, na darasa likacheka naye, na mimi nikasikia kifua kinafunguka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikawaonyesha pia kwamba 16384 ina kazi yake: kila peremende ikipigiwa kura kivyake, uwezekano wa kifungua mimba kuzoa zote ni 1 kwa 16384, wala si 1 kwa 120, kwa sababu ile migao 120 haina uzito mmoja. Hapo wengi wamekunja nyuso. Nitalirudia Ijumaa.

Simu ya dada imezimwa tangu mchana. Labda ni stima, huko Ugenya mvua imenyesha. Lakini leo ndiyo siku ya kwanza amebaki peke yake na watoto, na alisema angenipigia kabla ya saa mbili. Sasa inakwenda saa nne.