Machanuo ya Ng'ombe

Ujumbe uliingia kwenye simu nikiwa kwenye daladala. Tangazo langu kwenye soko la mtandaoni limeondolewa kwa kuuza "bidhaa za wanyamapori waliohifadhiwa". Nilikuwa nauza machanuo ya pembe za ng'ombe, pembe zenyewe zikitoka machinjioni Vingunguti.

Rufaa ya kwanza niliiandika papo hapo kwa hasira: mimi mfanyabiashara halali, mnanionea, mtanilipa hasara. Dakika chache baadaye jibu likaja: uamuzi haubadiliki. Nilistahili. Sikuwa nimewaambia chochote kuhusu chanuo.

Usiku nikalisoma tangazo upya, nikaona kosa langu. Kichwa kilisema "Machanuo ya pembe", na kwenye maelezo nilijisifu kwamba yana "rangi ya pembe ya ndovu". Kwa Kiswahili pembe ni ya ng'ombe, ni ya mbuzi, na ni ya tembo pia. Anayepekua matangazo haramu angeona nini kingine?

Asubuhi nikaenda kwa mzee anayenitengenezea. Akatupa unga wa pembe iliyopigwa msasa kwenye kaa la moto, ukanuka nywele zilizoungua.

"Pembe ya ng'ombe ni ndugu wa kucha, mwanangu. Ile ya tembo ni jino."

Harufu haipigwi picha, basi tukatafuta vinavyoonekana. Pembe mbichi ina uwazi ndani, palipokaa mfupa. Chanuo jembamba ukilimulika na tochi kwa nyuma, mwanga unapita, na nyuzinyuzi zinaonekana zikienda kwa urefu. Jino la tembo likikatwa kwa upana huonyesha mistari inayokatizana kama wavu, kwa hiyo nikapiga picha ya karibu ya pembe yetu iliyokatwa vilevile. Mistari hiyo haikuwepo.

Rufaa ya pili haikujaa ukurasa. Nilianza na namba ya tangazo na kifungu walichonitajia. Nikaeleza kwamba chanuo ni la pembe ya ng'ombe wa kufugwa, mnyama asiyekuwemo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na kwamba pembe huchemshwa, mfupa ukatolewa, zikapashwa moto, zikabanwa na kupigwa msasa. Picha nne, kila moja na maelezo yake, pamoja na risiti ya pembe. Kisha nikakiri: maneno ya rangi yalipotosha, nimeyafuta. Mwisho nikaomba jambo moja tu, picha zitazamwe na mtu.

Siku ya tatu mtu aliandika kweli, akauliza kama nauza nje ya nchi, maana huko huenda nikadaiwa cheti cha daktari wa mifugo. Nikamjibu nauza Tanzania tu. Jioni tangazo likarudi.

Kwa woga, neno "pembe" nililitoa kwenye kichwa, likabaki kwenye maelezo. Mteja wa kwanza akauliza: "Kaka, haya machanuo ya ng'ombe, binadamu anaweza kutumia?"