Siku moja maishani mwangu: tisheti 60 za kwaya, kabla wino haujagusa kitambaa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Matatu ya Thika Road inanishusha Ngara, natembea hadi River Road kabla barabara haijajaa mikokoteni. Karakana yangu iko ghorofa ya tatu, chumba kimoja chenye meza ya kuchapia, mashine ya kukaushia na kabati la fremu za wavu ninazopitishia wino. Kazi yangu ni kuchapa tisheti za makundi: kwaya, vyama, shule, familia zinazokutana mashambani Desemba.

Jambo la kwanza ni kusoma ujumbe wa simu. Leo upo mmoja wa jana usiku, wa Mama ambaye ni mwenyekiti wa kwaya: anataka tisheti 60 rangi ya damu ya mzee, zina nembo kifuani na maandishi mgongoni, sherehe yao ni baada ya wiki tatu. Ameambatanisha picha ya nembo. Naikuza kwenye kompyuta. Ina upana wa nukta 400 tu. Nikiitandaza kifuani kwa sentimita 9, itabaki na nukta 113 hivi kwa kila inchi, ilhali mimi nahitaji 300 ili kingo zitoke safi. Ikichapwa hivyo, mviringo wa nembo utaonekana kama ngazi. Namwomba anitumie tena kwa njia ya Document, si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp hubana picha. Najua pia kwamba huenda hata hiyo haitatosha, na itabidi niichore upya.

Saa tatu asubuhi

Mama anafika mwenyewe, amevaa leso juu ya koti, ameandamana na binti yake. Namkaribisha kiti, namletea chai. Sipendi kutaja pesa mtu akiwa amesimama mlangoni.

Zamani nilikuwa nachelewesha habari ya malipo ya awali. Tulikuwa tukiongea rangi na saizi nusu saa nzima, kisha mwishoni kabisa nikasema, "halafu utaacha kitu kidogo." Mteja akabadilika uso, kwa sababu lilikuja kama jambo la kushtukiza. Siku hizi natoa bei na utaratibu wa malipo kwa pumzi moja.

"Mama, tisheti moja ni shilingi 600, zote 60 ni 36,000. Kwanza unalipa 1,500 za kuchora. Ukishakubali mchoro, unalipa 20,100. Zilizobaki, 14,400, unalipa siku ya kuchukua mzigo, baada ya kuziona."

Ananyamaza kidogo. "Mwanangu, tulishawahi kulipa fundi wa majoho, akahama na pesa yetu. Nitawaambia nini wanakwaya?"

Swali hilo ni la haki, na jibu lake haliwezi kuwa "niamini". Nachukua karatasi, namwandikia mbele yake pesa hiyo inaenda wapi. Tisheti tupu 62 kwa 290 kila moja: 17,980. Hizo mbili za ziada, moja ni ya sampuli na nyingine ni ya kufidia itakayoharibika mezani. Fremu mbili, kila moja 800: 1,600. Wino: 1,500. Jumla 21,080. Yeye atakuwa amenipa 21,600. Kwa hiyo malipo ya awali yananunua vitu vyake, na ujira wangu na kodi ya chumba viko ndani ya zile 14,400 za mwisho. Nisipomaliza kazi, mimi ndiye nitakayekuwa sijalipwa.

Binti yake anauliza kwa nini si nusu kwa nusu kama mafundi wengine. Nusu ni 18,000, inalipa tisheti tupu na kubakiza shilingi 20. Fremu na wino ningevinunua kwa pesa ya mteja mwingine, na hapo ndipo mafundi wengi huanza kuzungusha watu: wa leo analipia kazi ya jana. Kwa fanicha au majoho hesabu ni nyingine, lakini kwa kazi hii 60 kwa mia ndiyo inayofunika vifaa.

Kisha namweleza kinachorudishwa na kisichorudishwa. Kabla sijanunua tisheti, akighairi, namrudishia zote isipokuwa zile 1,500 za mchoro. Nikishanunua, narudisha kile ambacho duka litakubali kupokea. Wino ukishagusa kitambaa, hakuna kurudi, kwa sababu hakuna mtu mwingine Nairobi atakayenunua tisheti yenye jina la kwaya yao. Yote hayo nayaandika kwenye risiti, si kwa mdomo tu.

Analipa 1,500 kwa namba ya till. Nasubiri ujumbe uingie kwenye simu ya till yenyewe; sisomi ule wa kwenye simu ya mteja.

Saa tano

Kijana wa timu ya mpira ya mtaani amekuja kuona sampuli yake. Mchoro alishaukubali wiki jana kwenye simu, kijani kibichi. Sasa anaona tisheti yenyewe na kusema kijani kimepoa. Kioo cha simu kinatoa mwanga, kitambaa kinaakisi tu mwanga kilioupata, kwa hiyo rangi ya kwenye simu kwa kawaida itang'aa zaidi. Ndiyo maana nilimwonyesha siku ile kadi ya rangi za wino na akaweka sahihi kando ya namba. Naitoa, tunaiweka juu ya sampuli karibu na dirisha. Zinalingana. Anatabasamu, anaweka sahihi kwenye sampuli kwa kalamu, nami naitundika ukutani iwe kipimo cha zile 22 zilizobaki.

Saa saba

Chapati na ndengu, kisha CorelDRAW, programu yangu ya kuchorea. Nembo ya pili ya Mama ilikuwa afadhali lakini bado ina ukungu, kwa hiyo naichora upya mstari kwa mstari. Kazi ya saa moja na nusu. Kwa sababu ya kazi hii zile 1,500 hazirudishwi, na ndani yake mna marekebisho mawili.

Hapa pana jambo ambalo mteja haoni. Anataka maandishi meupe na nyota ya manjano. Manjano ikichapwa moja kwa moja juu ya damu ya mzee hunyonywa, inageuka kahawia ya udongo. Lazima nyeupe itangulie chini yake. Kwa hiyo fremu ya kwanza inabeba maandishi pamoja na umbo la nyota, vyote kwa nyeupe. Naikausha juu juu. Kisha fremu ya pili inaweka manjano juu ya ile nyota. Fremu zinabaki mbili. Lakini angeomba rangi ya tatu baada ya kukubali, ingekuwa fremu mpya, na bei nyingine.

Saa tisa

Namtumia Mama ukurasa mmoja: tisheti mbele na nyuma, vipimo kwa sentimita (nembo 9 kifuani, maandishi 28 mgongoni), namba za rangi, jina la faili `kwaya_v1.cdr`, na orodha ya saizi: S 6, M 18, L 20, XL 12, XXL 4. Maandishi nimeyanakili kutoka ujumbe wake, sikuyachapa upya. Chini nimeandika: "Soma kila neno kwa sauti. Ukikubali, niandikie sentensi hii kamili: Nimekubali mchoro v1, maneno, rangi, vipimo na saizi."

Sentensi hiyo ilizaliwa na hasara. Kundi moja la waliosoma pamoja lilinipa maneno kwa simu, nikayaandika nilivyosikia, nikawatumia mchoro, wakajibu kwa kidole gumba. Nikachapa 80. Mwaka wa kumaliza shule ulikuwa umekosewa. Wao walisema mimi, mimi nilisema wao, na ukweli ni kwamba kidole kile hakikusema kimekubali nini. Tuligawana gharama, na hawakurudi tena. Iliniuma kuliko pesa, kwa sababu walizivaa hivyo hivyo.

Dakika kumi baadaye Mama anajibu: "Iko sawa kabisa mwanangu, endelea."

Siendelei. Nasoma tena maandishi yake: *Miaka 25 ya Utumishi, 2000–2026*. Natoa moja kwa nyingine. Ni 26. Nampigia simu.

"Mama, shikamoo tena. Kwaya ilianza mwaka gani?"

"Elfu mbili."

"Basi mwaka huu ni 26, na tisheti inasema 25."

Kimya. Nasikia akimwita mtu. "Ngoja nimuulize katibu, yeye ndiye ana kitabu."

Saa kumi na robo

Katibu ananipigia mwenyewe. Kitabu cha kumbukumbu kinasema 2001. Mwaka 2000 walikuwa wanakutana tu nyumbani kwa mtu. Anaongeza kwamba yeye angependelea nyota nyekundu, na mweka hazina anataka jina la kanisa liwe kubwa zaidi.

Namshukuru kwa ule mwaka, kisha nasema kwa upole kwamba mchoro unakubaliwa na mtu mmoja, na jina lililo kwenye risiti ni la mwenyekiti. Wakae, waelewane, kisha yeye aniandikie. Nikichukua maoni ya watatu, nitachora mara kumi na hakuna atakayeridhika. Katibu anaelewa, anasema, "Sawa, tutampelekea Mama."

Narekebisha mwaka, natuma `kwaya_v2.cdr`. Faili la kwanza nalihamishia kwenye folda ya zamani, lisije likachapwa kwa bahati mbaya.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano

Ujumbe unaingia: *Nimekubali mchoro v2, maneno, rangi, vipimo na saizi. Nyota ibaki manjano.* Dakika tatu baadaye simu ya till inatetema: 20,100. Namtumia picha ya risiti, na tarehe ya kuja kuona sampuli: Ijumaa, saa nne, yeye mwenyewe. Akikubali mchoro sasa amekubali maneno na mpangilio; Ijumaa atakubali wino juu ya kitambaa, na zile 60 hazitaanza kabla ya hapo. Siku zangu kumi za kazi zinahesabiwa kuanzia sahihi hiyo ya Ijumaa, na hilo nalo limo kwenye risiti.

Saa kumi na mbili jioni

Kwa kadi ya kazi yake naandika "v2" kwa kalamu nyekundu na kuibana kwenye ubao. Kesho asubuhi ni Eastleigh kuchukua tisheti, na lazima zote ziwe za robota moja, maana damu ya mzee ya robota hili si ya lile.

Kabla ya kufunga, napaka dawa inayogandishwa na mwanga kwenye fremu mbili, nazilaza ndani ya kabati lenye giza zikauke usiku kucha. Nazima taa, naangalia kufuli mara mbili, nashuka ngazi.