Nilivyomaliza kelele za usiku za karakana ya jirani Mabatini, Mwanza, bila kuifungisha

Kila mtu aliniambia "umeikuta karakana hapo, vumilia au uhame." Huo ushauri ulinipotezea karibu mwaka mzima na sio kweli, ndo maana naandika.

Jirani ni fundi mageti, ukuta wake na dirisha langu ni hatua chache tu. Mimi ni nesi, zamu zangu nyingi ni za usiku. Mara ya kwanza nilienda kwa mtendaji wa kata na hasira, nikataka karakana ifungwe kabisa kwa sababu silali mchana. Fundi akaja na vijana wake watano na karatasi ya oda ya madawati ya shule. Mtendaji akauliza, kuna jirani mwingine anayelalamikia kelele za mchana? Kimya. Nikarudi nyumbani nimeshindwa, nalia njia nzima.

Wakili mmoja ndo akanifungua macho. Kero inapimwa kwa mtu wa kawaida, sio kwa ratiba yangu ya zamu. Na mahali panaangaliwa: grainda saa tano asubuhi Mabatini ni sehemu ya mtaa, ingekuwa Capri Point, kule kwa matajiri kwenye utulivu, ni habari nyingine, ila saa tano usiku hata Mabatini watu wamelala. Kuhusu "umeikuta", akanitajia kesi ya Sturges na Bridgman, Uingereza 1879: mtengeneza pipi alitwanga vinu vyake zaidi ya miaka 20, daktari jirani akajenga chumba cha kuonea wagonjwa karibu navyo, akashtaki, akashinda. Sheria yetu ya kero imetoka huko huko, kwa hiyo kesi kama hizo mahakama zetu zinaziangalia. Na ajira za wale vijana? Akasema haziifuti kero, ila zinaweza kumfanya hakimu aweke masaa au fidia badala ya kufunga.

Basi nikaachana na mchana kabisa. Nikanunua daftari, siku 30 nikaandika usiku tu: saa ya kuanza, saa ya kuisha, mashine gani, nani mwingine kasikia. Usiku nikiwa zamu aliandika mama mwenye nyumba, anayelala saa za kawaida, na huyo ndo akawa shahidi wangu. Kelele zilipita saa nne usiku mara 11, na nilipopanga tarehe nikaona karibu zote ni siku umeme ulikatika mchana, yani alikuwa anafidia kazi!

Nikampelekea daftari fundi mwenyewe kabla ya mtendaji. Akalisoma taratibu, akasema "dada, sikujua zimefika nyingi hivi."

Tukaandikishana serikali ya mtaa: kukata na kugonga mwisho saa mbili usiku, umeme ukikatika mchana, usiku anapiga rangi na kupima tu, meza ya grainda ikahamia upande wa barabara. Gharama yangu yote, daftari na nauli, haikufika elfu ishirini. Kelele za mchana zipo bado, nimehamishia kitanda chumba cha nyuma.