Kijana wa miaka 15 kwenye karakana yangu

Likizo ya Desemba, Mama Kevo alikuja karakanani kwangu Ngong Road akiwa na kijana wake. "Fundi, mpe tu kazi yoyote, asishinde akizurura mtaani." Kijana ni mrefu kunishinda, na mama alisema ana miaka 17. Niliomba cheti cha kuzaliwa, kwa sababu kitambulisho hakipatikani kabla ya miaka 18 na urefu haunionyeshi kitu. Cheti kilisema ametimiza 15.

Tofauti hiyo ni kubwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakataza kabisa kuajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Kuanzia 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala kumkosesha masomo, na haruhusiwi kuhudumia mashine isipokuwa kwa mkataba wa uanagenzi. Ukikiuka, faini inaweza kufika shilingi 200,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Basi kazi nyepesi kwenye karakana ya samani ni ipi? Hapo ndipo kuna kazi. Msumeno wa umeme ulitoka kwenye hesabu mara moja: mbao ikibana jisu katikati ya mkato, hurushwa nyuma kwa nguvu, na mkono wa anayeisukuma unaweza kuvutwa hadi kwenye meno. Rangi ya kupuliza na tina pia hapana. Kilicholeta ubishi ni kupiga msasa. Fundi wangu mkubwa alicheka: "Mimi nilianza na msasa nikiwa mdogo kuliko huyu." Lakini vumbi la mbao limeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani, hasa ya pua, na barakoa ya kitambaa haizuii chembe ndogo. Hata kufagia nikakataa.

Nikampa daftari la oda, vitambaa vya sofa vya kupanga kwa rangi, na kufunga bawaba na vitasa kwa bisibisi ya mkono, upande wa duka, mbali na mashine. Saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, kisha nyumbani. Nikaandika kwenye rejista tarehe yake ya kuzaliwa na siku aliyoanza, maana sheria inadai hivyo.

Karibu na Krismasi oda zikabana na mafundi wakawa wanamaliza usiku. Kijana akaomba abaki apate hela zaidi. Nikamkatalia: kwenye kazi za viwandani, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alinuna, mama yake akanipigia simu kumtetea. Nilimwambia akitaka mashine, tutazungumza uanagenzi kwa maandishi, na shule kwanza.

Shule zilipofunguliwa nikaandika tarehe aliyoondoka, nikamlipa, na Mama Kevo ameshauliza kuhusu Aprili.